Lubudi: Mwanafunzi wa sheria anapomweleza mama yake kifungu cha 258

Kila mwanafunzi wa sheria katika Kongo anakijua kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria za kiraia. Kiko katika dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, na wengi wanakisema kwa Kifaransa bila kuruka hata neno. Shida inaanza pale mwalimu anapofunga karatasi yake na kuuliza, kwa sauti ya kawaida: «Basi mama anayeuza unga sokoni akikuuliza hiyo maana yake nini, utamjibu nini?»

Katika Lubudi, mji wa simenti na wa njia ya reli katika jimbo la Lualaba, swali hilo si la mzaha. Wanafunzi wanaosoma Kolwezi ama Lubumbashi wanarudi nyumbani mbele ya mitihani, na nyumbani wanakuta watu wanaosema Kiswahili na wenye kesi za kweli: kamyo imevunja kibanda, vumbi limeanguka juu ya mihogo, maji ya kisima yamegeuka rangi. Mwanafunzi anayetaka kujipima ana wasikilizaji tayari, na hawalipishi.

Kipimo chenyewe kinafanywa hivi. Kitabu kinafungwa. Mwanafunzi anasema kwa sauti, kwa Kiswahili cha nyumbani, kanuni inamhusu nani, ni mambo gani lazima yawepo ili ifanye kazi, na mwishoni inaleta nini. Haruhusiwi kutumia neno hata moja la darasani. Kusema kwa sauti kuna sababu yake: mtu anaposoma kimya, jicho linapita juu ya neno gumu na akili inaridhika. Mdomo haupiti hivyo. Ukifika mahali usipofahamu, sentensi inakatika, na msikilizaji anasikia.

Mwanafunzi mmoja akianza na 258, jibu la kwanza huwa karibu kila mara hili: «Mama, mtu akiharibu kitu cha mwenzake, analipa.» Linaonekana zuri. Ni fupi, na mama anatikisa kichwa.

Lakini mama akiwa na akili ya soko, atauliza: «Kama dereva alikuwa anakwenda pole pole, upande wake wa njia, na mbuzi wangu akaruka ghafla mbele ya gurudumu, analipa pia?» Hapo mwanafunzi ananyamaza. Kwa maneno aliyotoka kusema, dereva angelipa. Kwa kifungu chenyewe, hapana. Kifungu kinataka mambo matatu: kosa la yule anayeshitakiwa, hasara kwa yule anayelalamika, na kiungo kati ya hayo mawili, yaani hasara iwe imetoka katika kosa hilo. Mwanafunzi ameacha la kwanza. Kila siku analisema kwa Kifaransa, maana neno «fote» limo ndani ya sentensi aliyoikariri, lakini hakuwa amelisikia. Mbuzi ndiye aliyemwonyesha.

Watafiti wawili wa Marekani, Leonid Rozenblit na Frank Keil, waliandika mwaka wa 2002 juu ya jambo hili. Waliwauliza watu kama wanafahamu namna kufuli ama zipu inavyofanya kazi. Watu wakajipa alama za juu. Wakaombwa waeleze hatua kwa hatua. Walipomaliza, wakajipa alama za chini. Kufuli si kifungu cha sheria, lakini ugonjwa ni ule ule: kuzoea jina la kitu kunafanana sana na kukifahamu.

Swali la pili la mama linaweza kuwa gumu zaidi. «Na kampuni ya madini? Vumbi lao likiharibu mihogo yangu, nitajuaje kosa lao liko wapi? Mimi siingii ndani ya kiwanda.» Katika eneo la Lubudi, ambamo Fungurume na shaba yake imo, hilo linaulizwa kwa uchungu. Mwanafunzi aliyeshika 258 peke yake atajibu: «Lazima uonyeshe kosa.» Kwa kifungu hicho amesema kweli, na bado atakuwa amemdanganya mama.

Sheria ya migodi ya mwaka wa 2002 ilibadilishwa kwa sheria ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, na ndani yake kukaingizwa kifungu cha 285 bis. Kwa maneno ya nyumbani: mwenye haki ya kuchimba anatengeneza hasara iliyoletwa na kazi yake ya uchimbaji kwa watu, kwa mali na kwa mazingira, hata kama hakufanya kosa wala uzembe. Anaokoka akionyesha kwamba hasara ilitoka kwa sababu nyingine, isiyo ya kazi yake.

Sasa mwanafunzi anaweza kuweka vifungu viwili kando kando. Kwa dereva wa mfanyabiashara wa kawaida, mama anatafuta kosa, hasara na kiungo. Kwa kampuni ya madini, kosa linatoka katika hesabu. Hasara na kiungo vinabaki. Mama bado ataonyesha kwamba mihogo imekufa, na kwamba ni vumbi la mgodi lililoiua, si ugonjwa wa mihogo wala ukame. Mwanafunzi anayesema «kampuni inalipa kila kitu» ameanguka upande wa pili wa njia.

Namna ya kujua kama maelezo yamekaa sawa ni kutoa mifano miwili iliyo karibu: mmoja unaoingia ndani ya kanuni, na mwingine unaobaki nje kwa kitu kimoja tu. Dereva aliyekuwa anaandika ujumbe kwenye simu akagonga mbuzi yuko ndani. Dereva wa kwanza, wa pole pole, yuko nje. Kilichobadilika ni kosa peke yake. Asiyeweza kutoa mfano wa nje bado hajajua mpaka wa kanuni uko wapi, na mtihani unapenda kuuliza mpakani.

Kisha kitabu kinafunguliwa. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayowaangusha. Maneno mepesi yanaweza kuteleza vizuri na kuwa ya uongo, na mama hawezi kumsahihisha mwanafunzi juu ya kitu asichokisoma. Kila neno la kifungu linatafutwa katika maelezo: liko wapi? Nimelisema kwa neno gani? «Kosa» lenyewe lina mtego, maana nyumbani linaweza kumaanisha dhambi, ama jambo la kupelekwa gerezani. Kosa la 258 linaweza kuwa uzembe mdogo tu usiomfikisha mtu gerezani, na kifungu cha 259 kinataja uzembe huo waziwazi. Basi mwanafunzi anarudi kwa mama na kusahihisha: «Si lazima awe mtu mubaya. Inatosha hakuangalia.»

Mama naye anaweza kuongeza: «Dereva hana hata falanga. Na bosi wake?» Jibu liko katika kifungu cha 260: bosi anajibu kwa hasara iliyofanywa na mfanyakazi wake katika kazi aliyompa. Asiyekuwa amefika huko anaandika namba pembeni ya daftari na kwenda kusoma usiku ule.

Maelezo ya nyumbani hayaandikwi hivyo kwenye karatasi ya mtihani. Profesa anataka Kifaransa cha sheria, namba ya kifungu, na mambo matatu kwa mpangilio, kila moja likiguswa na habari za kesi aliyoitoa. Kwa hiyo zoezi linamalizika kwa kalamu: kesi ya mbuzi inaandikwa upya kwa lugha ya darasani, kosa kwanza, hasara, kisha kiungo, bila kufungua kitabu.