Hotuba ya Kiarabu Chini ya Turubai

Katika sherehe za madrasa jijini Mwanza, iwe ni Maulidi au mahafali ya waliohitimu juzuu, hufika zamu ambapo mshereheshaji huita wanafunzi wawili kwa pamoja. Mmoja hushika kipaza sauti na kutoa hotuba ya ukaribisho kwa Kiarabu fasaha, na mwenzake husimama ubavuni akifasiri kwa Kiswahili. Walioketi chini ya turubai wengi ni Wasukuma, Wakerewe, Wahaya na Wanyamwezi, na wachache wao tu wataelewa hotuba kabla ya kufasiriwa. Hata hivyo ustadhi aliyeiandika amechagua kila neno. Ana hadhira mbili: masheikh wanaosikiliza sarufi, na wazazi wanaosikiliza sauti.

Mwanzo hauna ubunifu, wala hautakiwi kuwa nao. Mwanafunzi humshukuru Mungu, humswalia Mtume, kisha husema “amma baad”, yaani ama baada ya hayo. Kufikia hapo wazazi wametulia kwa sababu maneno hayo wanayajua kutoka kwenye hotuba ya Ijumaa, na ustadhi anategemea mazoea hayo kuwashika wasikilizaji kabla ya kuwaingiza kwenye Kiarabu wasichokijua.

Linalofuata ni suala la vyeo. Sheikh wa mkoa wa BAKWATA akiwepo ndiye wa kwanza kutajwa, kisha masheikh wa wilaya, walimu wa madrasa jirani, wazazi. Orodha ikirefuka watoto huanza kusinzia. Mzungumzaji wa Kiswahili angejiokoa kwa kusema itifaki imezingatiwa, na Kiarabu cha majukwaani kina njia yake: “maa hifdhil alkab”, kwamba kila mtu na cheo chake amehifadhiwa. Ustadhi mwenye busara hutaja watu wawili au watatu, kisha hutumia kauli hiyo.

Sasa ndipo kalamu yake inapopata uhuru. Tuchukue sentensi moja ya aina inayoandikwa kwa sherehe ya huku ziwani: “Marhaban bikulli man abaral buhayra, liyusharikana fi haflatinas swaghira.” Maana yake ni karibu kwa kila aliyevuka ziwa ili ashiriki nasi katika hafla yetu ndogo. Hii ni nathari yenye vina, ambayo Waarabu huiita sajai. Mzazi asiyejua neno hata moja atasikia “buhayra” ikijibiwa na “swaghira”, na atajua kwamba kuna kitu kimekamilika.

Kina hicho lakini kinasimama juu ya kanuni moja ya usomaji. Ukitua mwishoni mwa kifungu, irabu ya mwisho inadondoka, na ta marbuta husomwa ha. Mtoto aliyekazaniwa sarufi bila kufundishwa kutua atasema “buhayrata”, kwa kuwa ziwa hapo linatendwa, kisha “swaghirati”, kwa kuwa neno hilo limefuata nomino iliyotawaliwa na “fi”. Irabu zote mbili ni sahihi, ila kina kimekufa. Mfasiri naye hukosa pa kuingilia, maana alikuwa akingoja kituo kile.

Kuita hafla ndogo ni adabu, hata kama ng’ombe wawili wamechinjwa: mwenyeji hushusha chake, na safari ya mgeni huikuza. Kwa mgeni aliyetoka Nansio kwa meli, kuvuka ziwa ni habari ya kweli. Kwa aliyetoka Sengerema mambo yamebadilika, kwani tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, linaunganisha Kigongo na Busisi, na hapo kivuko hakingojwi tena. Bahati nzuri kitenzi “abara” hakisemi umevuka kwa chombo gani. Sentensi imenusurika, na mimi naiona bora kuliko zile zinazosifu nyota na mwezi, ambazo zingeweza kusomwa popote pale.

Udhaifu mkubwa wa hotuba hizi ni kukariri. Ustadhi anayetaka kupima kama kijana ameelewa humwambia atoe hotuba ileile kwenye hafla ya akina mama. Anayejua atageuza “nurahhibu bikum” kuwa “nurahhibu bikunna”. Aliyekariri ataendelea kuwakaribisha wanaume ambao hawapo. Jambo kama hilo hutokea pia mgeni rasmi anapochelewa. Mtoto humkaribisha kwa jina huku kiti chake ki kitupu, mfasiri husita, na waliokaa nyuma hucheka. Kwa hiyo wapo walimu wanaomfundisha mwanafunzi sentensi mbili za mgeni rasmi, moja ya aliyefika na nyingine ya anayesubiriwa, halafu mwalimu hukaa mstari wa mbele na kumwonyesha kwa kidole asome ipi. Wazazi wanaopita mbele kumtuza mtoto kwa noti hawakigundui kidole hicho.