Salio la mirathi: kwa nini mtoto wa ndugu humtangulia ami

Mtu amefariki akiacha mke, binti mmoja, mtoto wa kiume wa kaka yake wa baba na mama mmoja, ami na mtoto wa ami. Wazazi na ndugu zake wote walimtangulia. Baada ya mazishi, madeni na wasia, zimebaki shilingi milioni 24.

Katika sheria ya Kiislamu, mke huchukua thumuni, milioni 3, na binti nusu, milioni 12. Milioni 9 zilizobaki ni za asaba, wanaume wa upande wa baba. Hapo ami, kwa kuwa ni mzee wa ukoo, mara nyingi hudhani ni zake. Sivyo: zote ni za mtoto wa kaka. Kizazi cha baba wa marehemu hutangulia kizazi cha babu yake, na ami hutangulia mwanawe.

Lakini angekuwapo hata kaka wa baba mmoja tu, mtoto huyo asingepata kitu. Mtoto wa dada hayumo kabisa, maana nasaba yake kwa marehemu imepitia kwa mwanamke.