Cherehani Ibaki, Vyeti Viende

Mlima Nyiragongo ulilipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, lava ikateremka hadi pembezoni mwa Goma. Matetemeko hayakukoma. Alfajiri ya tarehe 27, gavana wa kijeshi, Luteni Jenerali Constant Ndima, alitangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ihamwe mara moja, watu wabebe vya lazima tu, kwa kuwa dalili zilionyesha magma iko chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu.

Tuchukue familia moja ya kubuni asubuhi ile: baba, mama fundi cherehani, bibi mwenye presha, na watoto watatu, kitinda mimba akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Wanakwenda Sake, yapata kilometa 25, kwa miguu. Mikono ya kubebea mizigo ni michache, na ndiyo inayoamua.

Kadi za wapiga kura, ambazo Kongo ndizo kitambulisho cha wengi, zinaingia mfukoni pamoja na vyeti vya shule. Dawa za bibi zinafuata. Hapo hakuna ubishi, maana hivyo havipatikani Sake.

Ubishi unaanza kwenye maji. Jerikani la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20. Baba analinyanyua, anapiga hatua chache, analitua. Wanajaza kidumu cha lita tano, na jerikani linakwenda tupu, kwa sababu huko mbele kupata maji bila chombo ni shida. Gunia la unga linafunguliwa. Wanachota wa siku mbili, tatu, na sufuria moja.

Mtoto mkubwa anataka godoro. Bibi anakataa, na si kwa uzito pekee. Njia ya Sake ina mazuku, gesi ya kaboni dioksidi inayojikusanya mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Haionekani wala hainuki, na huanza kuua walio karibu na ardhi: mbuzi, kuku, mtoto aliyelala. "Tukichoka tutapumzika mahali palipoinuka," anasema, "na hakuna atakayelala bondeni." Wanachukua mablanketi.

Inabaki cherehani. Mama anafungua kichwa chake, anakipima mkononi, kisha anamtazama mtoto. Hawezi vyote viwili. Anachukua mkasi, futi na sindano. Kwa hivyo anaweza kushona kwa mkono na kupata senti popote. Cherehani inaingizwa ndani, mlango unafungwa.

Mlipuko wa pili haukutokea, na mwezi Juni watu walianza kurudi. Lakini asubuhi ile hakuna aliyeweza kulijua hilo. Anayeishi chini ya mlima huu na afanye hesabu hii mapema: nani anabeba nani, na mikono inayobaki inatosha nini. Aliyekwisha kuamua kuhusu cherehani hatapoteza saa nzima akiizunguka.