Kadi za Maswali Kutoka Sura ya Maji Maji

Chukua sura ya Vita vya Maji Maji. Mwanafunzi wengi huandika kadi yao ya kwanza hivi: "Eleza Vita vya Maji Maji." Nyuma wanajaza aya nzima. Kadi hiyo haina faida, maana ukikumbuka nusu yake hujui kama umepata au umekosa.

Ivunje. "Vita vya Maji Maji vilianza mwaka gani?" 1905. "Kinjekitile Ngwale aliwaahidi nini waliotumia maji yake ya dawa?" Kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Tarehe igeuze pia: "Agosti 1905, Wajerumani walimfanya nini Kinjekitile?" Walimnyonga. Usiandike "Alinyongwa lini?", kwa sababu baada ya wiki mbili, kadi zikishachanganywa, hutajua anayeulizwa ni nani.

Fasili ni rahisi: neno mbele, maana nyuma, kwa maneno yako. Kazi ipo kwenye hoja. Kitabu kikisema kilimo cha pamba cha kulazimishwa kilichochea vita, swali "Je, pamba ilichangia?" linajibika kwa kubahatisha. Uliza: "Kwa nini pamba iliwachukiza Wamatumbi?" Jibu: walilazimishwa kuilima kwa ujira mdogo mno, huku mashamba yao ya chakula yakikosa mikono.

Soma sehemu nzima kwanza, ndipo uandike. Ukiandika huku unasoma, kila sentensi itaonekana muhimu. Na kadi unayoijibu kwa kutambua doa la wino pembeni, iandike upya.