Mwavuli Usiogeuzwa na Upepo

Siku ya mgao mwezi uliopita mvua ilitukuta kwenye foleni, na kabla ya mvua ulitangulia upepo. Mama mmoja aliyekuwa mbele yetu alifungua mwavuli wake mpya. Haikupita hata dakika, ukageuka juu chini kama bakuli, vyuma viwili vikavunjika. Alikuwa ameununua wiki ile ile. Tulimwomba atuachie, tukaenda kuufungua pamoja na fundi viatu wa soko letu, ambaye pia hutengeneza miavuli.

Wote tunajua shitingi inavyofanya upepo ukiingia chini yake: inavimba, inataka kuruka. Mwavuli ni hivyo hivyo. Upepo ukiingia kwa chini haupati pa kutokea, unasukuma kitambaa kwenda juu, na mzigo wote unabebwa na mbavu, yaani vile vyuma virefu vinavyoshika kitambaa. Tena upepo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili tu, inakuwa mara nne. Ndiyo maana mwavuli unaweza kukaa sawa muda mrefu, halafu ukaharibika kwa pigo moja.

Fundi alituonyesha mahali mbavu zilipokatika. Zote mbili zilikatika palepale, pale ambapo mkono mfupi wa kusukuma unaungana na ubavu. Ubavu wenyewe ulikuwa bati jembamba lililokunjwa kama mfereji, na hapo kwenye kiungo wametoboa tundu la kupitisha pini. Kwa hiyo mahali panapobeba mzigo mkubwa ndipo chuma kimebaki kidogo kuliko kwingine. Ukikinyoosha kinarudi kupinda hapo hapo.

Basi tafuta mbavu za faibaglasi. Hizo hupinda upepo ukija, kisha hurudi zenyewe, wala hazipati kutu. Utazijuaje, maana wengine hupaka chuma rangi nyeusi? Chukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa. Chuma kitaivuta, faibaglasi haiivuti. Usipime ncha peke yake, kwa sababu miavuli mingi ina faibaglasi mwishoni tu na ndani ni bati. Kama huna sumaku, shika ncha ya ubavu, ipinde polepole kiasi kidogo tu, uachie. Ikibaki imepinda, rudisha kwa mwenye duka (akikasirika, basi umeshapata jibu). Ila faibaglasi ikivunjika hutoa nyuzi zinazochoma kama miiba, kwa hiyo usiwape watoto kipande chake wachezee.

Jambo la pili ni tundu la hewa. Mwavuli mzuri wa upepo una vitambaa viwili huko juu: cha chini kina uwazi katikati, na cha juu kinaufunika kama kofia, kikishuka kupita ukingo wa uwazi huo. Kofia hiyo imeshonwa kwenye mbavu tu, katikati ya ubavu na ubavu imeachwa huru. Upepo ukija kwa chini unainua kofia na kutoka, mvua nayo inateleza juu yake bila kuingia. Lakini hapa kuna udanganyifu! Tuliona mwavuli sokoni wenye kofia nzuri sana, tukaingiza vidole, kumbe imeshonwa kuzunguka pande zote. Hilo ni pambo. Vidole vyako lazima vipite kati ya vitambaa viwili, na ukiinua kofia uone mwanga.

Kitambaa kiwe kimefumwa kwa kubana. Kiinue kuelekea jua. Ukiona vitundu vingi kama chekecheo, kiache. Poliesta ni nzuri kwa sababu ikilowa hailegei kama nailoni, na kitambaa kilicholegea hushika upepo zaidi. Angalia pia kama kimefungwa kwa uzi kwenye kila ubavu sehemu kadhaa, si nchani tu.

Ukubwa nao una gharama yake. Mwavuli wa upana wa mita 1.2 unashika upepo karibu mara moja na nusu ya ule wa mita 1, ingawa kwa macho tofauti ni ndogo. Kama ni wa mtu mmoja, chukua mdogo. Na ule unaokunjwa mara tatu uingie mfukoni una viungo vingi, na kila kiungo ni mahali pa kukatika. Mrefu usiokunjwa huvumilia zaidi.

Mwavuli wa yule mama fundi aliutengeneza kwa mbavu mbili alizozitoa kwenye mwavuli mwingine uliokufa. Tundu la hewa hauna, kwa hiyo alimwonyesha namna ya kuushika: kuuelekeza upepo unakotoka, kuushusha karibu na kichwa, na upepo ukizidi, kuufunga na kukubali kulowa.