Mkaa Mmoja, Sufuria Mbili: Ratiba ya Presha Kuka Rudewa

Mkaa ukishawashwa haumsubiri mpishi. Robo saa ya kwanza unafuka na kukolea, kisha unakupa ukali wake wote kwa muda, halafu unashuka taratibu kuelekea kwenye majivu, uwe umepika au hujapika. Maharage yanataka kinyume chake: moto wa wastani usiokatika kwa saa moja na nusu au mbili. Ndiyo maana nyumba ya Rudewa yenye jiko moja huongeza mkaa mara mbili au tatu kwa sufuria moja ya maharage, na wali unapofika zamu yake unaanzishiwa mkaa mwingine.

Rudewa iko kwenye barabara ya Dumila kwenda Kilosa, katika tambarare ya mpunga, mahindi na mashamba ya zamani ya mkonge. Wilaya yenyewe ya Kilosa inajulikana kwa mkaa. Mradi wa kuleta mageuzi katika sekta ya mkaa ulianza huko mwaka 2012, baadhi ya vijiji vikagawa misitu yao katika vitalu vya kuvunwa kwa zamu. Lakini hata mkaa uliovunwa kwa utaratibu mzuri kiasi gani, ukifika jikoni hutumika kadiri ya mpangilio wa mpishi, na presha kuka inabadilisha mpangilio huo kuliko inavyobadilisha chakula.

Kisa chake ni hiki. Katika sufuria ya kawaida, Rudewa ikiwa chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 98 au 99 na hayapandi zaidi hata ukichochea moto wa tanuri. Ndani ya presha kuka ya kuweka jikoni mvuke unabanwa, na maji yanafika karibu nyuzi 120. Nyuzi ishirini hizo zinatosha kushusha saa moja na nusu ya maharage hadi robo saa au dakika ishirini. Jambo ambalo wengi hawalitumii ni hili: kile kizito cha juu kikishaanza kucheza na kutoa mvuke, joto la ndani limefika mwisho wake. Moto mkali kuanzia hapo hauongezi joto hata nyuzi moja, unafukuza maji tu. Kwa hiyo sufuria hii inataka moto mkali mwanzoni na moto mdogo baadaye, na hiyo ndiyo tabia ya mkaa. Vinaendana bila kulazimishwa.

Tuchukue nyumba ya watu sita, Jumamosi, jiko moja la mkaa na presha kuka ya lita saba. Chakula cha mchana ni wali na maharage ya kuunga, na jioni maharage ya nazi.

Ijumaa usiku robo tatu ya kilo ya maharage inachambuliwa, inaoshwa na kulowekwa kwenye maji mengi. Asubuhi yatakuwa yameongezeka karibu maradufu. Maji ya kulowekea yanamwagwa, maharage yanaingia kwenye presha kuka na maji mapya yanayoyafunika kwa vidole viwili. Hapo angalia kimo: maharage na maji pamoja yasivuke nusu ya sufuria. Vyakula vingine vinaweza kufika theluthi mbili, lakini maharage hutoa povu, na povu likipanda huingia kwenye kitundu cha mvuke na kukiziba. Kijiko kimoja cha mafuta ya kula kinalituliza. Chumvi kidogo haina neno. Nyanya na ndimu zisubiri, kwa sababu uchachu wake hufanya ganda la harage ligome kulainika. Magadi nayo hayahitajiki tena. Yanalainisha kweli, ila yanaharibu sehemu ya vitamini za harage, na joto la nyuzi 120 limeshafanya kazi hiyo.

Mkaa unawashwa saa nne. Saa nne na robo umekolea, presha kuka inapanda. Baada ya dakika kama kumi na tano mvuke unashika na kizito kinaanza kucheza. Sasa mlango wa jiko unafungwa ili hewa ipungue, na ikibidi vipande viwili vitatu vya mkaa vinatolewa kwa koleo na kuzimwa kwenye kopo lenye kifuniko, vije kutumika baadaye. Kizito kinatakiwa kipige taratibu. Kikipiga kelele mfululizo, ujue unachoma mkaa na kukausha maji. Dakika zinahesabiwa kuanzia hapo, si tangu sufuria ilipowekwa jikoni. Wenye sufuria za kupiga filimbi huhesabu filimbi, lakini filimbi hufuata ukali wa moto: moto mkali hutoa filimbi tano upesi sana na maharage yakawa bado magumu. Saa ya ukutani au ya simu ni ya kuaminika zaidi.

Maharage mapya yaliyolowekwa yanataka dakika kumi na mbili hadi kumi na tano. Yale yaliyokaa ghalani mwaka mzima huweza kutaka ishirini na tano, na hakuna mbinu ya kuyajua kwa macho tu. Pika kiasi kidogo cha gunia jipya kwanza, kisha uandike dakika zake kwenye gunia lenyewe.

Saa nne na dakika arobaini na tano presha kuka inaepuliwa na kuwekwa pembeni, kifuniko hakiguswi. Hapa ndipo ratiba inapopatikana. Ndani bado kuna moto wa kutosha kupika kwa robo saa nyingine bila mkaa hata punje moja, na wakati huo jiko liko wazi. Mlango wa jiko unafunguliwa tena, sufuria ndogo inapanda, vitunguu na nyanya vinakaangwa. Ukimaliza rosti, presha imeshuka yenyewe. Nusu ya maharage inaingia kwenye rosti na kuchemka dakika kumi, nusu nyingine inabaki nyeupe, bila kuungwa. Kisha maji ya wali yanapanda juu ya mkaa ambao sasa umelegea kidogo, na wali ukikaribia kukauka mkaa wa mwisho unapaliwa juu ya kifuniko. Vile vipande vilivyozimwa kwenye kopo vinaweza kurudishwa wakati huo. Kabla ya adhuhuri chakula kiko tayari, kwa mkaa uliowashwa mara moja.

Wapo wanaomwagia maji baridi kwenye kifuniko ili presha ishuke haraka. Kwa mboga za majani sawa, kwa maharage hapana: presha ikishuka ghafla maharage yanachemka kwa nguvu ndani, maganda yanapasuka na povu linatoka kwenye kitundu. Na dakika kumi na tano za moto wa bure unakuwa umezimwaga.

Kuhusu wali wenyewe, mimi siushauri kwenye presha kuka ya mkaa. Unawezekana, dakika nne au tano tu za presha, lakini mkaa haushuki kwa agizo, na mchele mpya wa Kilosa ukizidishwa dakika mbili unakuwa bokoboko. Zaidi ya hapo, ungeuweka humo ungelazimika kuondoa maharage kwanza na kupandisha presha upya, yaani kulipia mara ya pili ile robo saa ya moto mkali ambayo ndiyo ghali kuliko zote.

Makande ni hesabu nyingine, nzuri zaidi. Mahindi yaliyokobolewa na kulowekwa usiku kucha yanataka dakika thelathini na tano hadi arobaini kwenye presha. Maharage yaliyolowekwa yanataka robo saa. Ukiyaloweka yote na kuyapika pamoja utafungua na kukuta mahindi yamekaa vizuri na maharage yamekuwa uji. Dawa ni kuloweka mahindi peke yake. Maharage makavu, yasiyolowekwa, yanaiva kwa muda uleule wa mahindi yaliyolowekwa, hivyo vinaingia pamoja na kutoka pamoja. Kumbuka tu kwamba maharage makavu yatavimba humo humo na kunywa maji mengi: anzia chini ya nusu ya sufuria, na maji yafunike kwa vidole vitatu.

Nyama ya ng'ombe wa kienyeji inapikwa kwa hatua mbili. Kilo moja, tangawizi, chumvi, glasi moja na nusu ya maji, dakika ishirini na tano hadi thelathini, iachwe ishuke yenyewe. Ndizi au viazi vikiingia tangu mwanzo vitayeyuka kwenye mchuzi, kwa hiyo vinangoja sufuria ifunguliwe, vinaongezwa, na dakika nne au tano za presha zinavimaliza. Kwa kuwa kila kitu ndani kimeshachemka, presha ya mara ya pili hupanda upesi.

Sufuria ikikataa kushika presha, tazama mvuke unatokea wapi. Ukitoka pembeni mwa kifuniko, mpira umekauka au umepasuka. Uoshe, upake mafuta, uugeuze, na kama una ufa nunua mwingine. Usipotoka popote huku sufuria inanguruma, epua mara moja, kitundu kimeziba. Kabla ya kila mapishi kifuniko kinyanyuliwe kwenye mwanga, uone nuru kupitia kitundu. Kile kizibo kidogo cha usalama kikiyeyuka kimefanya kazi yake, na mahali pake panataka kizibo kilekile kutoka dukani, si boliti wala kijiti. Harufu ya kuungua ina maana maji yamekwisha: epua, iache ipoe, usilazimishe kifuniko.

Kwa aliyeunganishiwa umeme kuna presha kuka ya umeme, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, umeipa nafasi. Ratiba yake ni tofauti. Inavuta umeme sana inapopandisha joto, kisha inajikata na kujiwasha kidogo kidogo, kwa hiyo moto unaopotea ni kidogo. Maharage yetu yale ya robo tatu ya kilo hutumia chini ya nusu uniti, au kuizidi kidogo yasipolowekwa. Soma mita ya LUKU kabla na baada, utaona. Kwa mteja mdogo anayelipa shilingi 122 kwa uniti, pamoja na kodi na tozo, hiyo ni kama shilingi 60. Kwa anayelipa 356 ni kama 180. Presha yake ni ndogo kidogo kuliko ya jikoni, ongeza dakika tatu au nne. Na ukimaliza chomoa waya, kwa sababu ikiachwa kwenye kupasha joto inaendelea kula umeme hadi jioni.

Yale maharage meupe ya jioni, pasipo friji, yasivuke usiku huo. Alasiri yachemshwe tena hadi yatokote sawasawa, na nazi iingie wakati wa kuyaunga tu, kwani katika joto la Rudewa tui ndilo linalochacha kwanza. Mwenye friji anaweza kupika kilo nzima kwa awamu mbili mfululizo, sufuria ikiwa bado ya moto, na kuyagawa kwenye vyombo vya kina kifupi yapoe haraka kabla ya kuyaweka ndani. Yatamfikisha Jumanne.