Uganda: Namna ya kusoma cheti cha afya na kibali cha kusafirisha ng'ombe

Katika barabara inayotoka Mbarara kupitia Lyantonde na Masaka hadi Kampala, malori ya ng'ombe husimamishwa na wakaguzi, na dereva hutakiwa kuonyesha karatasi mbili: cheti cha afya ya mifugo na kibali cha kusafirisha. Wanunuzi wengi hutazama muhuri tu, kisha hutoa fedha. Lakini karatasi hizo mbili hazisemi jambo moja, na hasara huanzia pale zinapochukuliwa kuwa kitu kimoja.

Cheti cha afya humhusu mnyama. Daktari wa mifugo anaeleza kwamba amewakagua ng'ombe fulani, mahali fulani, siku fulani, na hakuona dalili za ugonjwa. Kibali kinahusu safari: nani anasafirisha, wanyama wangapi, kutoka wapi hadi wapi, kwa njia ipi, kwa gari gani, kwa madhumuni gani, na katika siku zipi. Nchini Uganda kibali hicho hutolewa na ofisi ya daktari wa mifugo wa wilaya wanakotoka wanyama, baada ya uongozi wa kijiji kuthibitisha mwenye mali. Wilaya ikiwekwa chini ya karantini, kwa kawaida kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo, vibali husitishwa. Kwa hiyo, kibali kilichoandikwa tarehe iliyo ndani ya kipindi cha karantini kinapaswa kutiliwa shaka mara moja.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara anatoka Kiruhura na ng'ombe 12 wanaopelekwa machinjioni Kampala. Kibali kinataja maksai 8 na majike 4, rangi zao na chapa zao, na kinatumika kuanzia tarehe 5 hadi 7 Machi. Tarehe 6 lori linafika Lyantonde. Mkaguzi anahesabu ng'ombe 12, idadi inalingana. Lakini anapowatazama mmoja mmoja anakuta maksai 7 na majike 5. Mnyama mmoja amebadilishwa njiani. Jike huyo wa tano hakukaguliwa na daktari yeyote, na hakuna ajuaye ametoka katika zizi gani. Ndiyo maana idadi peke yake haitoshi: jinsia, rangi, chapa au hereni ya sikioni lazima zilingane na maandishi.

Sasa tusome cheti cha ng'ombe hao hao. Kinasema walichanjwa dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo tarehe 1 Machi, wakakaguliwa tarehe 4. Hapana uongo hapo, lakini kuna pengo. Kinga ya chanjo hiyo huhitaji takriban wiki moja hadi mbili ili ijijenge, na siku ya safari zilikuwa zimepita siku 5 tu. Zaidi ya hayo, mnyama aliyeambukizwa huweza kukaa siku 2 hadi 14 bila dalili yoyote. Homa ya mapafu ya ng'ombe hujificha kwa muda mrefu zaidi, hata miezi kadhaa. Cheti, basi, ni ushahidi wa siku ya ukaguzi, wala si dhamana ya siku zifuatazo.

Hatari huwa kubwa zaidi mfugaji anaposhawishika kununua jike mmoja kutoka lori hilo kwa bei nafuu, ili akamfuge. Kibali kilitolewa kwa ajili ya kuchinja, na mwisho wa safari ni machinjioni. Mnyama akiteremshwa njiani, kibali hakimhusu tena, na mnunuzi hubaki na ng'ombe asiye na hati halali. Akimchanganya na kundi lake, ugonjwa ukizuka hatakuwa na njia ya kufuatilia ulikotoka.

Kabla ya kulipa, mnunuzi adai karatasi halisi, si nakala. Atazame kama tarehe au idadi imefutwa na kuandikwa upya, na kama namba ya gari iliyoandikwa ndiyo iliyo kwenye lori. Akiwa na shaka, apige simu katika ofisi ya mifugo ya wilaya iliyotoa kibali, kwa namba aliyoipata kwa afisa mifugo wake mwenyewe, si ile iliyochapwa kwenye karatasi anayoitilia shaka.

Hata hati zikiwa sahihi, ng'ombe mgeni atengwe kwa siku zisizopungua 14, asishiriki maji wala malisho na wenyeji. Akianza kutokwa na mate mengi, kuchechemea au kukataa kula, asiuzwe wala asihamishwe; daktari wa mifugo aitwe hapo alipo.